Uzi: Kadi ya harusi isemeje kwamba ukumbini ni watu wazima, bila kuwaudhi wenye watoto?

Katibu_wa_Kamati

Wadau, habari za jioni. Naomba msaada wa maneno tu, kwa sababu uamuzi wenyewe umeshapita kwenye kikao na familia zote mbili zimeukubali.

Harusi ni Dar. Ibada saa 8 mchana, tafrija ukumbini kuanzia saa 12:30 jioni. Ukumbi una meza 30 za watu kumi kumi, jumla viti 300. Tunatoa kadi 180: dabo 120 na singo 60, kwa hiyo kila kiti kina mwenyewe. Mpishi analipwa kwa kichwa. Watoto hawataingia ukumbini, isipokuwa wanne wanaowatangulia maharusi na maua.

Rasimu iliyorudi kutoka kwa mchapaji ina mstari huu chini kabisa, kwa wino mwekundu:

"NB: WATOTO HAWARUHUSIWI KABISA. TAFADHALI ZINGATIA!!"

Baba wa bwana harusi ameisoma na kuirudisha. Anasema hayo ni maneno ya getini, siyo ya kumkaribisha mtu. Bibi harusi anapendekeza "Tunawapenda sana watoto wenu, lakini usiku huu ni wa watu wazima tu". Mjumbe mmoja anasema tusiandike kitu, "kadi hii ni ya watu wawili" inatosha. Kadi zinaingia mtamboni Ijumaa. Mnashaurije?

Gidion_77

Huyo mjumbe yuko sahihi. Kadi inamwalika aliyetajwa. Ukiandika "Bw. na Bi. Fulani" umewaalika wawili hao, na ukiandika "Bw. na Bi. Fulani na familia" umewaalika na watoto. Ondoa neno "familia" kwenye mstari wa jina, basi. Hakuna haja ya kumtajia mtu watoto wake, mwenye akili ataelewa.

MamaTunu_Mshereheshaji

Gidion, nusu ya ulichosema ni kweli na Katibu aishike. Mstari wa jina usiwe na "na familia", na anayeandika majina kwa mkono aambiwe mapema, kwa maana waandishi wengi huongeza neno hilo kwa heshima tu. Unaweza kuchapa onyo zuri chini, halafu juu mtu akaandikiwa "Mama Neema na familia". Hapo kadi moja imesema mambo mawili, na mgeni atashika lile lililoandikwa kwa kalamu, kwa sababu ndilo lililoandikwa kwa ajili yake.

Nusu ya pili haisimami kwetu. Sisi mtoto mdogo hatumhesabu, tunampakata. Kwenye daladala anayepakatwa halipi nauli, na msibani au kanisani hakuna anayemtafutia kiti chake. Kwa hiyo ukimwambia mama mwenye mtoto wa miaka minne kwamba kadi ni ya watu wawili, yeye na mumewe ni wawili, na mtoto yuko juu ya paja. Hajavunja neno lako hata moja. Atafika mlangoni na moyo mweupe kabisa, na ukimzuia utakuwa umemwaibisha mtu asiye na kosa. Kwa hiyo lazima mstari wa watoto uwepo, uonekane, na uwe na maneno ambayo hata bibi akisomewa hatanuna.

Sasa kuhusu zile rasimu mbili.

"Watoto hawaruhusiwi" inaumiza kwa sababu imewafanya watoto kuwa ndio wanaokatazwa. Tunakutana na "hairuhusiwi" kwenye kuta: hairuhusiwi kutupa taka, hairuhusiwi kuegesha gari. Na ukiongeza "kabisa" umeshamwonyesha msomaji kwamba unatarajia abishe. Hata "Ahsante kwa ushirikiano wako" iache, hiyo ni ya tangazo la ofisi.

"Tunawapenda watoto wenu, lakini" ina shida mbili. "Lakini" inafuta kila kilichotangulia. Na "wenu" inachora mstari: hawa ni wenu, siyo wetu. Mjomba anayepokea kadi hii, watoto wake ni wadogo zake bwana harusi. Atauliza tangu lini wamekuwa "wenu". Ukilazimika kuwataja, sema "watoto wetu".

Njia iliyo salama ni kusema ulichoandaa, badala ya unachokataza: "Tafrija hii tumeiandaa kwa ajili ya wageni wenye umri wa miaka 18 na kuendelea." Mwenye kitendo hapo ni sisi wenye shughuli. Hakuna aliyefukuzwa.

Bint_Kikwajuni

Assalaam alaykum. Naongezea jambo la lugha ambalo nimeliona kwenye rasimu ya bibi harusi.

"Kwa watu wazima tu" msiiandike peke yake. Maneno hayo mtu anayakuta kwenye filamu asizotakiwa kuona mtoto, na akiyaona kwenye kadi akili inakwenda kule kule. "Usiku wa wakubwa" ndiyo mbaya zaidi, maana "mambo ya kikubwa" kila mtu anajua yana maana gani. Mzee akisoma ataona haya kumwonesha mkwewe. Alama ya "18+" nayo ni hivyo hivyo, inafaa tiketi ya dansi.

Lingine, "mtu mzima" kwetu siyo tu aliyevuka miaka 18. Ukisema "yule ni mtu mzima" mara nyingi unamaanisha mtu wa makamo, mwenye mvi zake. Na "mtoto" hana mwisho: mtu ana miaka 30 na bado ni mtoto wa fulani. Mwenye kijana wa miaka 22 aliyemaliza chuo atajiuliza kama kijana huyo ni katika "watoto" walokatazwa, na mwenye binti wa miaka 15 anayemzidi mama yake urefu atasema huyu si mtoto. Neno halikati. Umri unakata. Ndiyo maana sentensi ya Mama Tunu imekaa sawa, imetaja miaka na haikutaja "watoto" wala "watu wazima".

Huku kwetu kadi nyingi zinaweka "mtuwie radhi" mwisho. Ni maneno laini, lakini yanaomba msamaha, na anayeomba msamaha anasamehewa kisha anaambiwa "haidhuru, huyu wangu hana fujo". Mie naona "tunashukuru kwa kutuelewa" inafunga vizuri zaidi.

Baba_Kelvin

Kwani mmeshatafuta watu wa kuwaangalia hao watoto? Siku hizi kuna wanaokodisha jumba la kurukia la hewa, wanaweka nje ya ukumbi na dada wawili wa kuwaangalia. Mnaweza kuwawekea na vibanzi na soseji wakawa na sherehe yao.

Katibu_wa_Kamati

Baba Kelvin, asante, lakini watoto hawatakuwepo eneo lile kabisa. Ukumbi hauna uwanja, nje ni maegesho. Ninachotafuta ni maneno ya kadi.

Mama Tunu na Bint, nimewaelewa. Swali: tuweke sababu? Wajumbe wanataka "kutokana na ufinyu wa nafasi".

MamaTunu_Mshereheshaji

Mimi nasema msiweke. Kila sababu ina jibu lake, na mgeni atakupa jibu hilo kwa nia njema. Ukisema nafasi ni finyu, jibu ni "nitampakata". Ukisema sherehe itachelewa kwisha, jibu ni "tutaondoka mapema". Ukisema kuna vinywaji vikali, umejitangaza na bado atakuambia wake hanywi. Tena ufinyu wa nafasi una hatari yake: wapo wageni wasiofika, na mtu aliyemwacha mwanawe nyumbani akiona meza mbili tupu saa 3 usiku atahesabu kwamba alidanganywa.

Bint_Kikwajuni

Hapa natofautiana na Mama Tunu kidogo. Mzee asipopewa sababu ataitafuta mwenyewe, na atakayoipata itakuwa mbaya kuliko ya kweli. Atasema wanajiona. Ufinyu wa nafasi kila mtu ameuzoea, hauna ubaya.

MpishiWaShughuli

Nitie neno upande wa sahani, maana Katibu kataja kulipa kwa kichwa.

Kwanza hesabu yako ina tundu. Kadi dabo 120 ni watu 240, ongeza singo 60 ni 300. Viti navyo ni 300. Wale watoto wanne wa maua wako wapi? Na maharusi wawili na wasimamizi wao wawili kwenye meza kuu, wana kadi? Kama hawana, umeshafika 308 kabla mtu hajaja na mtoto. Mpiga picha, mshereheshaji na watu wa muziki nao watakula. Punguza kadi sasa, au ongeza meza.

Pili, wajumbe wengi wanadhani mtoto ni nusu sahani, kwa hiyo siyo gharama kubwa. Kwenye chakula cha kujipakulia hakuna nusu. Mtoto hupakuliwa na mama, na mama humpakulia mwanawe minofu kwanza, vyakula vingine baadaye. Vipande vya kuku na samaki nahesabu kwa kichwa, wali siuhesabu hivyo. Kwa hiyo wakizidi watoto 25 ambao sikuambiwa, wali utabaki na kuku itaisha meza tatu za mwisho. Meza hizo hazitajua kisa ni watoto, zitasema mpishi kaiba.

Na jambo ambalo kadi huwa haisemi: dada wa kazi. Mtoto akija na dada wa kumshika, hao ni wawili, na dada ana zaidi ya miaka 18, kwa hiyo umri peke yake haumzuii. Kinachomzuia ni idadi. Basi kadi ibebe vyote viwili, umri na idadi ya viti.

MchapaKadi_Kkoo

Nimeona rasimu yenu, huo mstari mwekundu ni kazi ya kunakili kadi ya zamani na kubadilisha majina. Mnaweza kuukataa bila gharama kama sahani ya kuchapia haijatoka.

Mambo ya kuangalia kwenye mpangilio. Herufi kubwa zote na alama za mshangao zinasomeka kama kelele, hata maneno yakiwa matamu. Wino mwekundu vile vile. Tumieni herufi zile zile za kadi, ukubwa uwe mdogo kwa hatua moja tu kuliko mwili wa kadi. Nikiandika majina ya maharusi kwa 24, maelezo ya ukumbi na saa huwa kwenye 11, na mstari wenu ukae kwenye 10. Ukishuka chini ya 8 kwa karatasi yenye kung'aa, mzee asiye na miwani hauoni, na mstari usioonekana ni sawa na haukuandikwa.

Mahali: msiuweke peke yake chini kama onyo. Uwekeni mara tu baada ya saa na ukumbi, uonekane ni sehemu ya ratiba. Pembe ya chini kushoto ibaki na "Majibu kwa wasiofika" na namba za simu, kulia mavazi.

Kama mnatuma na kadi ya picha kwa WhatsApp, jueni kwamba mtu anaiona ndogo kwanza na wengi hawaikuzi. Mstari wa umri uwe kwenye picha, na urudiwe kwenye maneno yanayoambatana na picha, ila uwe sentensi ile ile neno kwa neno. Ukiandika tofauti kidogo, watu wataanza kulinganisha ipi ndiyo yenyewe.

Gidion_77

Sawa, kwenye kupakata nimekubali. Lakini bado naona kadi ya mwaliko inakuja kwa kuchelewa. Mtu amechangia laki na nusu miezi miwili iliyopita akijua anakuja na familia. Leo ndiyo anaambiwa watoto hapana?

MamaTunu_Mshereheshaji

Hapo Gidion umegusa penyewe. Kinachowaudhi watu wengi ni wakati, hata maneno yakiwa mazuri. Kwetu mgeni analipia kiti chake mapema kwa jina la mchango, na anapopokea masharti baada ya kutoa anajisikia ameuziwa kitu kisha kikapunguzwa.

Lakini kwenye kadi ya mchango msiandike. Kadi ile inaomba, na anayeomba haweki masharti. Mahali pake ni katikati, kwenye meseji ya kupokea mchango. Mweka hazina anaituma kwa kila aliyetoa, na pale ndipo mtu anaambiwa kadi yake itakuwa ya watu wangapi. Weka umri pale pale, kwa utulivu:

"Tumepokea sh 100,000, asante sana. Kadi yako ni ya watu wawili. Ukumbini tumepanga viti vya wageni wa miaka 18 na kuendelea. Karibu."

Mtu akiwa na neno atalisema kwa mweka hazina wiki sita kabla, siyo mlangoni.

MchapaKadi_Kkoo

Meseji hiyo ina herufi 132 pamoja na nafasi, na meseji moja ya kawaida inabeba 160, kwa hiyo kuna nafasi ya jina la familia. Angalizo: msiweke vikaragosi vya maua wala mioyo. Kikaragosi kimoja kinashusha kiwango kutoka herufi 160 hadi 70, meseji yako inakuwa mbili au zaidi na mnalipa mara hizo hizo kwa kila mtu. Hata alama ya mkato wa juu iliyopinda, ile inayojitokeza ukinakili "ng'" kutoka kwenye programu ya kuandikia, inaweza kufanya hivyo hivyo.

Wairimu_Thika

Jamani, nami niulize langu hapo. Kwetu ni sherehe ya nyumbani, hema kwa boma, chakula cha mchana. Naweza tumia hayo maneno yenu ya miaka 18?

MamaTunu_Mshereheshaji

Wairimu mama, kwa shughuli ya nyumbani mchana usijaribu. Ukumbi una mlango na mtu wa kuskani kadi. Boma halina, na watoto wa majirani watakuwepo hata usipowaalika. Ukiandika umri kisha wageni wakakuta watoto 30 wanacheza uani, waliowaacha wao nyumbani ndio watakaokasirika. Wewe andaa sufuria ya watoto na uwape chakula mapema, kabla ya wakubwa.

Wairimu_Thika

Sawa, nimeshika. Asante.

Katibu_wa_Kamati

Nimekaa na yote mliyosema. Mpishi, nashukuru kwa hesabu. Ni kweli meza kuu haikuwa ndani ya 300, na wale wanne pia. Tumepunguza singo kutoka 60 hadi 46, hivyo kadi zinabeba watu 286. Zinabaki nafasi 14: wanne wa meza kuu, watoto wanne, na sita za wahudumu wa muziki na picha.

Rasimu mpya ya sehemu ya chini:

"Kadi hii ni ya watu 2. Tafrija hii tumeiandaa kwa ajili ya wageni wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Tunashukuru kwa kutuelewa."

Baba wa bwana harusi amesema ni afadhali, ila bado anaona kavu. Anasema, "Watoto wa ukoo mzima wasione ndugu yao akioa?"

MamaTunu_Mshereheshaji

Mzee ana haki, na jibu lake mnalo tayari, hamkuliandika. Ibada ni saa 8 mchana, kanisani, na kanisani hakuna kadi. Watoto wapewe nafasi yao pale. Mkitaja mahali walipokaribishwa kabla ya kutaja mahali pasipo pao, mstari wa pili unapoteza ukali wake wote, na mzazi anapata cha kumwambia mwanawe: utavaa nguo mpya, utamwona bibi harusi, utapiga picha, kisha utarudi nyumbani. Andika hivi:

"Ibada ya ndoa ni saa 8:00 mchana. Karibuni nyote pamoja na watoto wetu.
Tafrija ya jioni, saa 12:30, tumeiandaa kwa wageni wenye umri wa miaka 18 na kuendelea.
Viti vilivyotengwa kwa jina lako: 2
Tunashukuru kwa kutuelewa."

Ona "watoto wetu" imeingia kwenye mstari wa kukaribisha, siyo wa kuzuia. Na "viti vilivyotengwa kwa jina lako" inamfunga hata yule dada wa kazi aliyesemwa na Mpishi, kwa sababu kiti kina jina. Ila mtimize: kama mmewaalika watoto kanisani, mpiga picha awe na dakika 15 za picha za watoto na maharusi pale pale nje ya kanisa. Wakirudi nyumbani bila hata picha, wazazi watasema yalikuwa maneno ya kadi tu.

Bint_Kikwajuni

Hii imekaa vizuri, na hata lile langu la sababu silihitaji tena. Mgawanyo wenyewe umeshajieleza: mchana wa wote, jioni wa wachache.

Kwa wanaosoma uzi huu huku Visiwani, mgawanyo huo hauji sawasawa. Shughuli ya wanawake watoto hufuatana na mama zao, na nikaha yenyewe wengi wa wanawake hawapo. Kwetu ukitaka kuzuia watoto itabidi uwatafutie siku yao nyingine, kwa mfano chakula cha nyumbani siku inayofuata.

MpishiWaShughuli

Na wanaonyonya? Mama ana mtoto wa miezi minne, hawezi kumwacha masaa sita. Kadi haimsemi.

Gidion_77

Iandikwe "isipokuwa watoto wanaonyonya". Ni sentensi fupi, haina ugomvi.

MamaTunu_Mshereheshaji

Ikiandikwa, ukumbi mzima utanyonya. Mtoto wa miaka miwili na nusu ananyonya, na mama yake hasemi uongo. Halafu wa miaka minne atakuja na mdogo wake kwa sababu "wanafuatana". Ruhusa hii itolewe kwa mdomo. Katibu apitie orodha, awatafute wenye vichanga (kwenye kadi 166 sidhani kama watazidi kumi), awapigie mmoja mmoja: "Wewe njoo na mtoto, tumekuwekea meza karibu na mlango wa pembeni."

MpishiWaShughuli

Bado sikubali. Katibu hawezi kujua vichanga vyote, hasa vya wake za wafanyakazi wenzake. Yule asiyepigiwa simu atakaa nyumbani, na hatasema. Mwanamke aliyejifungua juzi ndiye anayehitaji kutoka kuliko wote. Afadhali niongeze sahani tano kuliko huyo aachwe.

Bint_Kikwajuni

Kuna njia ya kati: kwenye "Majibu kwa wasiofika" ongezeni "au wenye mahitaji maalumu". Mwenye kichanga ataona pa kupigia.

MamaTunu_Mshereheshaji

Sijui, Bint. "Mahitaji maalumu" watu wataielewa ni ulemavu, mwenye kichanga hatajiona humo. Hili naona kila kamati iamue kwa ukoo wake.

Niseme na wazee, maana kadi peke yake haiwatoshi. Wale wanaotoka mkoani na wajukuu wasipate habari kwenye karatasi kwanza. Apige simu mtu wa rika lao, siyo Katibu kijana. Kaka yake mzee ampigie mzee, dada yake ampigie mama. Siyo meseji. Kitu cha kwanza kiwe salamu na habari za safari, cha pili mahali watakapolala watoto na nani atabaki nao, na habari za ukumbini ziwe za mwisho. Mfano: "Shikamoo mama. Wajukuu tumewaandalia kwa shangazi yao Tabata, watakula na kulala huko. Kanisani tutakuwa nao wote, jioni tutakwenda sisi." Hapo hujatamka katazo lolote, na mama ameshajua kila kitu. Lakini hakikisheni kwanza huyo shangazi ameshakubali na kuna magodoro.

MchapaKadi_Kkoo

Na wale wanne wa maua. Wageni wakiona watoto ndani watauliza mbona hawa wapo. Msiandike chochote kwenye kadi kuhusu hao. Ratiba ya mshereheshaji iseme wazi kwamba wameingia kuwasindikiza maharusi, na mzazi mmoja awatoe baada ya keki.

MamaTunu_Mshereheshaji

Kweli kabisa, na mzazi huyo ajulikane kabla ya siku. Wakikaa hadi saa 5 usiku wakicheza katikati ya ukumbi, mstari wenu wa kadi umekufa kwa harusi hii na kwa harusi nyingine ya ukoo huo.

Kuhusu mlangoni: mtu wa kuskani asiwe ndiye anayemzuia mgeni mwenye mtoto. Simu yake itaonyesha viti 2, yeye awaite tu wenyeji. Pembeni akae mama mmoja wa familia anayefahamika pande zote, awachukue kando. Na mwambieni mapema kwamba mgeni aliyetoka mbali na mtoto mgongoni saa 2 usiku harudishwi, anaingizwa kimya kimya. Kwa sababu hiyo, zile nafasi 14 zilizobaki hazitoshi. Ongezeni sahani kumi.

Katibu_wa_Kamati

Nimempelekea mzee rasimu ya "karibuni nyote pamoja na watoto wetu". Ameisoma mara mbili, akabadilisha kitu kimoja: badala ya "tumeiandaa kwa wageni wenye umri wa", anataka "tumeiandaa kwa ndugu na wageni wenye umri wa". Anasema ndugu siyo mgeni.

Bint_Kikwajuni

Mzee kaona mbali. Mwachieni.

Katibu_wa_Kamati

Basi imepita. Habari ya vichanga naipeleka kwenye kikao cha kesho, mimi mwenyewe nimekaa katikati ya Mama Tunu na Mpishi. Umri nao kuna mjumbe anataka ushuke uwe 15, kwa ajili ya walio kidato cha tatu na cha nne.

MchapaKadi_Kkoo

Kikao kikiamua, nitumie namba moja tu, 15 au 18, na mstari wa viti uache wazi uandikwe kwa mkono, 1 au 2, ili nisichape aina mbili za kadi. Inifikie Alhamisi kabla ya saa 10 jioni. Mzee aisome tena ile ya mwisho na asaini juu ya karatasi.